Kumwandikia bosi kuhusu vipimo ukiwa bado probesheni: nilivyokosea mara ya kwanza

"Wakuu, nina miezi miwili na nusu kazini, probesheni yangu ni miezi sita. Tumbo linanisumbua, nimeshakosa kazi siku nne na sasa hospitali wamenipangia vipimo vya ndani. Nataka nimwandikie bosi asije akadhani natega. Naandikaje?"

Pole mkuu. Mimi yamenikuta hayohayo, tumbo hilohilo, nikiwa mwezi wa tatu kwenye kazi ya stoo, na meseji yangu ya kwanza kwa bosi niliiharibu vibaya.

Niliandika hivi: "Bosi, Jumanne naomba ruhusa nikapime mara moja, nakuahidi baada ya hapo sitakosa tena." Fupi, ya heshima, nikajiona nimemaliza. Kumbe hapo tayari nina uongo wa aina mbili bila kujua. Kipimo chenyewe kilikuwa kolonoskopi, ile kamera ya kuangalia utumbo mpana, na hicho sio kipimo cha siku moja. Jana yake unakunywa dawa ya kusafisha tumbo, na ukishaanza kuinywa huendi mbali na choo, na hospitali nyingi siku hizi wanataka nusu unywe jioni na nusu iliyobaki alfajiri ya siku ya kipimo. Mimi Jumatatu sikutaka kuonekana naondoka mapema maana nishaomba siku moja tu, nikabaki kazini mpaka jioni, nikafika nyumbani usiku nikaanza kunywa dawa nikiwa nimechelewa sana na nyingine sikuimaliza. Jumanne kamera inaingia, daktari anasema tumbo halijasafishika haoni kitu, rudi baada ya wiki.

Yani ile kujifanya najituma ndiyo iliyoniongezea siku za kukosa kazi. Na haikuishia hapo, walikuwa wamenichoma ya usingizi, jioni najiona niko fresh nikafungua laptopu nikamtumia bosi ripoti ya stoo ili aone hata mgonjwa nafanya kazi, namba za mstari mmoja nimeziweka kwenye mstari mwingine. Wauguzi walishaniambia masaa 24 nisiendeshe gari wala nisisaini kitu chochote cha maana, mimi nikachukulia ni maneno tu ya kawaida ya hospitali. Jumatano bosi akaniita, hakugomba, aliuliza tu "si ulisema siku moja na umemaliza?" Nikaona kabisa kwamba ugonjwa haumsumbui, kinachomsumbua ni kwamba kila nikimwambia kitu kinabadilika.

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote, piga simu pale walipokupangia vipimo au pita mwenyewe, uliza kila kipimo: naanza maandalizi lini, nafunga kula masaa mangapi, nachomwa ya usingizi au hapana, naruhusiwa kurudi kazini siku hiyohiyo, na majibu yanatoka lini. Damu ni asubuhi moja tu, hata kama ni ya kufunga. Ultrasaundi ya tumbo pia unafunga masaa kadhaa ila ukitoka unakwenda kazini kama kawaida. Kamera ya kupitia mdomoni unafunga, na wakikuchoma ya usingizi siku hiyo imeisha. Ya utumbo mpana inakula mchana wa jana yake, siku yenyewe, na mara nyingine asubuhi inayofuata. Wakikata kinyama cha kupeleka maabara, majibu yake hayatoki siku hiyo, yanaweza kuchukua siku kadhaa mpaka wiki mbili au zaidi, kwa hiyo usimwambie bosi "Jumatano nitajua nina nini".

Ya pili niliyomwandikia ndio hii, nimebadilisha vitu vichache tu:

"Habari za asubuhi bosi. Samahani kwa mkanganyiko wa wiki iliyopita, kipimo hakikukamilika na kitarudiwa, na safari hii nimeuliza ratiba yote. Jumanne tarehe 14 nitatoa damu asubuhi, nitaingia saa tano. Jumatatu tarehe 20 nitafanya kazi mpaka saa sita mchana, halafu nitaenda nyumbani kwa maandalizi ya kipimo. Jumanne tarehe 21 sitakuwepo kabisa wala sitashika kazi kwa simu, kwa sababu ya dawa ya usingizi. Jumatano tarehe 22 nitaingia saa tano. Ripoti ya stoo ya Jumatano nitaikabidhi Jumatatu asubuhi, na mwenzangu wa zamu amekubali kupokea mzigo wa Jumanne, nimeshamuonyesha daftari. Majibu yatachukua muda, kukiwa na miadi nyingine nitakuambia siku hiyohiyo nitakayoambiwa. Najua nimekosa siku nne na bado niko kwenye majaribio. Kazi hii naitaka, na ningeomba dakika kumi wiki hii uniambie unaonaje kazi yangu mpaka sasa, na kama siku hizi zinagusa tarehe ya tathmini. Asante."

Ona neno "kazi hii naitaka" limekuja mara moja tu, tena mwishoni, baada ya ripoti na mwenzangu wa zamu. Mwanzo nilikuwa nimejaza mistari mitano ya jinsi ninavyoipenda kampuni, mke wangu akasoma akasema hii inasomeka kama mtu anayeomba msamaha wa kuiba. Nikafuta. Na usiandike "sitakosa tena", hata daktari wako hawezi kukuahidi hilo, ukikosa tena bosi atakumbuka ahadi kuliko ugonjwa.

Jina la ugonjwa sikuweka, na hata aina ya kamera sikutaja. Aliniuliza ana kwa ana una nini, nikamjibu madaktari bado wanatafuta, ambayo ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Usimwandikie yale unayoyaogopa usiku, ukitaja tu ugonjwa mkubwa ambao hujathibitishwa yeye ataanza kufikiria nani atakaa kwenye kiti chako, na majibu yakija ni kidonda kidogo huwezi tena kuyafuta yale kichwani mwake.

Ile sehemu ya tathmini watu wengi wanaogopa kuiuliza, mimi nakwambia iulize. Probesheni inaweza kusogezwa mbele, mimi walinisogezea mwezi mmoja, na iliniuma kidogo lakini nilipewa kwa maandishi na sababu ikaandikwa kuwa ni siku za matibabu na sio utendaji. Bora hivyo kuliko kukaa unabahatisha. Soma na mkataba wako kuhusu ruhusa ya ugonjwa na muda wa notisi, mara nyingi notisi ya kipindi cha majaribio ni fupi, na barua nzuri haimfungi bosi mikono, akiamua kukuacha anaweza kujaribu. Ila hapo angalau una maandishi yenye tarehe kwamba ulitoa taarifa mapema, kwa hiyo tuma kwa imeili hata kama mmeshaongea mdomo kwa mdomo.

Kitu cha mwisho, karatasi ya miadi mara nyingi ina jina la kliniki juu kabisa na kipimo chenyewe kimeandikwa. Kama hutaki ofisi nzima ijue, waombe mapokezi karatasi ya kuthibitisha tu kwamba ulihudhuria, yenye tarehe na muhuri. Mimi walinipa nikiwa nasubiri palepale, hiyo ndiyo nikaipeleka ofisi ya utumishi.