Mofini imeisha, mama anatoka jasho

"Mama anatumia mofini ya maji kwa saratani. Iliisha juzi, sasa anatoka jasho, anapiga miayo, anaharisha. Ni malaria?"

Pole, ndugu. Akiwa na homa apimwe malaria, lakini miayo na jasho siku ya pili huashiria kukosa mofini. Kwenye shina la ubongo zipo seli zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouchangamsha mwili. Mofini, ikishika vipokezi vyake, huzituliza. Baada ya wiki kadhaa seli hizo hujirekebisha zifanye kazi licha ya dawa. Dawa ikikatika ghafla, hufyatuka kupita kiasi: jasho, moyo kwenda mbio. Utumbo nao una vipokezi hivyo, ndiyo maana aliyefunga choo sasa anaharisha. Mpe ORS, mrudishe kliniki leo. Msifidie dozi zilizokosekana: akiikosa mofini, uzoefu wa mwili kwa dawa hiyo hushuka, pumzi inaweza kuzama.