Kichocho hakipitii kwenye kikombe

Swali: Shikamoo daktari. Tunaishi karibu na ziwa na maji ya kunywa nachemsha siku zote, hata ya watoto kupigia mswaki. Binti yangu wa miaka tisa, ambaye huteka maji nami na Jumamosi tunafua naye, alikutwa na kichocho akapewa vidonge. Miezi minane baadaye amepimwa, kipo tena. Jirani anasema vidonge vilikuwa feki, ananielekeza kwa mzee wa mizizi. Je, maji niyachemshe kwa muda gani ili kisirudi?

Jibu: Marahaba, mama. Yakichemka dakika moja yametosha. Lakini hata ukiyachemsha mpaka sufuria itoboke, mtoto atakutwa nacho mara ya tatu, kwa sababu unalinda mlango ambao mgonjwa wetu hakuingiliwa nao.

Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na lawama nyingine ni zetu watu wa afya. Miaka nenda rudi tumehubiri "chemsheni maji" kwa ajili ya kipindupindu na homa ya matumbo, watu wakaelewa kwamba kila ugonjwa wa maji unanywewa. Kichocho kinaingia kwenye ngozi. Konokono wa majini anatoa vimelea vidogo ambavyo macho hayavioni, vinaogelea, vikigusa ngozi vinajipenyeza ndani katika dakika chache. Havihitaji kidonda. Wengine huwashwa kidogo, wengi hawasikii kitu. Na maji yakiwa meupe kama kioo usidanganyike, usafi wa macho hauwahusu konokono.

Sasa itazame Jumamosi yenu. Mnafika ziwani jua limeshapanda, mnaingia mpaka magotini ndoo zijae maji yasiyo na tope, kisha mnabaki humo kufua na kusuuza saa mbili nzima. Vimelea hutoka kwa wingi kwenye konokono mchana, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane. Na pale penye majani na matete, ambapo ni pazuri kufulia kwa kuwa mawimbi hayafiki, ndipo konokono wanapojishikilia. Kwa hiyo mtoto amesimama mahali pabaya, saa mbaya, kwa muda mrefu. Jioni mnarudi nyumbani mnachemsha kikombe cha kunywa.

Jambo moja wengi hulipindua: povu la sabuni. Kuna wanaoamini kwamba kwa kuwa wameshika sabuni, wako salama. Maji mazito ya sabuni ndani ya beseni kweli hayavipendezi vimelea, lakini miguu yako haimo kwenye beseni, imo ziwani, na povu linalotoka kwenye nguo linachukuliwa na maji. Tena kusuuza, ambako hakuna sabuni, ndiko kunakowaingiza watu ndani zaidi.

Kinachosaidia ni muda, na muda haununuliwi. Kimelea kilichotoka kwa konokono kisipopata ngozi kinakufa kwa njaa, kwa kawaida ndani ya siku mbili. Basi tafuta mapipa mawili yenye mfuniko. Maji ya Alhamisi yakae bila kuguswa, mfue nayo Jumamosi, na yale ya Ijumaa yawe ya kuoga Jumapili. Mnapoyamimina chujeni kwa kitambaa, si kwa kuamini kwamba kitambaa kinazuia vimelea, bali kuzuia konokono wadogo wasiingie pipani, maana konokono akiwemo hizo siku mbili hazina maana, ataendelea kutoa vimelea vingine. Fulieni nchi kavu, mbali na ukingo. Maji ya siku hiyo hiyo yakilazimu, yachemsheni kwanza yapoe.

Kuteka ndiko kugumu, sitakudanganya. Penye gati, mwamba au mtumbwi, ndoo ishushwe kwa kamba na mguu ubaki mkavu. Pasipo navyo, buti za mpira zisizovuja, na mtu mzima ndiye ateke, si mtoto. Kwenda alfajiri kabla ya jua kunapunguza vimelea, hakuvimalizi. Na maji yaliyotekwa sasa hivi yanayomwagika shingoni kutoka kwenye ndoo isiyofunikwa ni yale yale ya ziwa.

Turudi kwenye vidonge. Prazikwanteli aliyopewa binti yako inaua minyoo iliyokomaa. Iliyoingia wiki mbili au tatu kabla ya dozi bado ni michanga, na hiyo dawa haiipati sawasawa. Inakua, inataga, mtu anasema dawa ilikuwa feki. Ndiyo maana nisingesubiri miezi minane: mpimeni tena wiki sita hadi nane baada ya dozi, na mayai yakionekana arudie. Ila miezi minane ni mingi, na Jumamosi katikati ni zaidi ya thelathini. Kwa mtoto huyu naamini ameambukizwa upya, na hakuna kidonge duniani kinachozuia hilo. Wale mnaomeza dawa kabla ya kwenda ziwani mkidhani ni kinga, mnameza bure, kwa sababu dozi inatoka mwilini baada ya saa chache.

Dozi nayo ina hesabu yake. Ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 30 anahitaji 1,200, yaani vidonge viwili vya miligramu 600, avimeze akiwa ameshiba. Muuza duka anayekugawia kimoja "kwa sababu bado mdogo" anaua minyoo michache tu. Kizunguzungu, tumbo kuuma au kutapika baada ya kumeza huwatisha watu, lakini hupita ndani ya siku moja, na mwenye minyoo mingi ndiye husumbuka zaidi. Hiyo si sumu.

Na yule mzee wa mizizi? Najua kwa nini ana wateja. Damu ya kichocho huja na kuondoka yenyewe. Mgonjwa anaona mkojo mwekundu wiki hii, anakunywa mizizi, wiki ijayo mkojo umekuwa wa kawaida, sifa zinakwenda kwa mzee. Minyoo imo ndani, na inaweza kuishi miaka mitatu hadi mitano, mingine zaidi ya hapo, ikitaga kila siku. Madhara yanatokana na mayai yanayonasa kwenye ini au kibofu. Nimewapokea watu wazima wenye tumbo lililojaa maji waliokuwa "wamepona" mara nne kwa mizizi. Nimeona pia wanawake walioambiwa wana ugonjwa wa zinaa, wakagombana na waume zao, kumbe ni mayai ya kichocho cha mkojo yaliyonasa kwenye shingo ya kizazi. Anayekutibu bila kupima choo au mkojo wako anabahatisha, awe na mizizi au awe na koti jeupe. Kama ni mkojo, upeleke uliokojolewa kati ya saa nne na saa nane mchana, ndipo mayai hutoka kwa wingi.

Hukuniambia kama binti ana wadogo. Kama wapo, na huwa unawaogesha kwenye beseni kwa maji yaliyotoka ziwani asubuhi hiyo, wapelekeni nao wakapimwe. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza tiba kuanzia umri wa miaka miwili, kwa hiyo ukiambiwa "huyu hajafika shule, hana kichocho", omba apimwe kwanza.