Masikio ya Sungura na picha ya bango

Binti yangu wa miaka saba alichaguliwa kuwa Sungura katika mchezo wa kuigiza wa shule yao, hapa Mombasa. Mwalimu akaandika kwenye grupu la wazazi kwamba Ijumaa aje na vazi lake, apigwe picha ya bango. Nikashona vazi kwa leso kuukuu, masikio nikayakata kwenye kadibodi na kuyagundisha kwenye bendi ya nywele. Mwenyewe sikumuuliza.

Alhamisi usiku nilipomvisha, alisimama kimya akivuta pindo. Nikadhani limembana. "Mama, wataniona wote pale getini?" Hapo ndipo nikaelewa. Kucheza alitaka sana. Asichotaka ni uso wake kubandikwa wiki mbili na wakubwa kumwita Sungura kila asubuhi. Kwa hiyo muulize mtoto mambo hayo mawili mbalimbali, na umuulize mkiwa nyumbani, kwa sababu mbele ya mwalimu na kamera ataitikia tu.

Tulikubaliana apigwe kutoka nyuma, masikio yakionekana mbele ya mwezi wa karatasi. Mwalimu aliipenda picha hiyo. Bango tayari lina jina la shule, tarehe na saa. Ukiongeza uso na jina la mtoto, mtu asiyemjua anapata kujua ni nani, atakuwa wapi na lini. Sweta lenye jina lililotariziwa nalo livuliwe kabla ya picha.

Ndani mvishe fulana na bukta, vazi lipite juu yake. Hivyo hakuna atakayelazimika kumvua nguo shuleni, hata pini ikichomoka.

Fomu ya idhini ilisema "picha kwa matumizi ya shule", na maneno hayo ni mapana mno. Niliandika chini yake kwa kalamu: bango la karatasi tu, hadi siku ya mchezo, isiwekwe Facebook, bila jina. Nikapiga picha ya fomu kabla ya kuirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni taarifa. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo.

Picha niliipiga mwenyewe kwa simu. Ukiituma WhatsApp kama faili, inaweza kwenda na alama ya mahali ilipopigwa, yaani nyumbani kwako. Zima huduma ya mahali kwenye kamera kwanza.

Mchezo ulipokwisha nilimwomba mwalimu aifute kwenye simu yake na kwenye kompyuta ya shule. Bango lenyewe binti yangu alilibandua, akalileta nyumbani limekunjwa.