Shabu kwanza, klorini baadaye

Masika yaliyopita maji ya kisima chetu hapa Kisauni yaligeuka rangi ya chai ya maziwa. Nikamimina klorini moja kwa moja mtungini. Harufu ikasikika kidogo, ikapotea, nami nikadhani dawa imeshafanya kazi. Kumbe tope na uchafu ndivyo vilivyoila klorini, na vijidudu vikabaki vimejificha ndani ya chembe za udongo.

Nilijua hivyo nilipopeleka sampuli maabara. Walinipa chupa iliyotakaswa yenye unga kidogo ndani. Usiusuuze unga huo! Kazi yake ni kuizima klorini papo hapo. Ukichukua maji kwa chupa ya soda, klorini itaendelea kuua vijidudu njiani na majibu yatakuja mazuri ya uongo. Niliiweka chupa kwenye barafu na kuifikisha maabara ndani ya muda wa saa sita. Majibu: E. koli 14 katika mililita 100, na inatakiwa sifuri. Koliform nyingine, yaani bakteria wa jamii hiyo, zaweza kutoka udongoni, lakini E. koli ikionekana, ujue kinyesi kimeingia.

Basi nikaanza upya na shabu, inayoshikanisha tope kuwa mabonge yanayozama. Niliyeyusha gramu 10 katika lita moja ya maji safi, nikapanga chupa tatu za lita moja za maji ya kisima, nikatia mililita 2, 4 na 6 za mchanganyiko huo. Koroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole sana dakika kumi, maana ukikoroga kwa haraka mabonge yanavunjika. Baada ya saa moja ile ya mililita 4 iling'aa kuliko ya 2, na ya 6 haikuizidi. Kwa mtungi wa lita 20 hiyo ni mililita 80. Maji yetu ya mwamba wa matumbawe yana chokaa, kwa hiyo shabu huganda vizuri. Chumvi haiondoki, hiyo tusijidanganye.

Nikautibu mtungi hivyo, nikayamimina maji ya juu kupitia kitambaa, nikaacha mashapo chini. Ndipo nikatia mililita moja ya klorini ya asilimia 3.5, isiyo na manukato, nikasubiri nusu saa. Kidonge cha kupimia klorini iliyobaki kikageuza maji waridi: miligramu 0.5 kwa lita. Mara ya kwanza, kwa maji ya tope, rangi isingetokea kabisa. Hapo ndipo ungejua mapema, bila kungoja maabara.

Sampuli ya pili ilitoka sifuri. Ile ya kisimani kwenyewe bado ina E. koli, kwani choo cha jirani kiko hatua chache tu na mwamba huu una nyufa. Tumekubaliana naye ahamishe shimo, ila mpaka hapo kila mtungi unapitia shabu na klorini.