Katanga ipi? Kusoma mikataba ya wasambazaji kabla ya kuwalinganisha

Mwaka 2019 nilimpa msambazaji mpya haki ya kuuza mafuta yetu ya injini Kolwezi, yeye peke yake. Haukupita muda, msambazaji wetu wa zamani wa hapa Lubumbashi akaingia ofisini na mkataba wake wa 2013. Eneo lake: "jimbo la Katanga", naye peke yake. Katanga iligawanywa mwaka 2015 ikawa majimbo manne: Katanga ya Juu, Lualaba, Lomami ya Juu na Tanganyika. Leo Kolwezi iko Lualaba, lakini siku mzee alipotia saini ilikuwa Katanga. Nilikuwa nimeuza shamba moja mara mbili, na kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile, kwenye jedwali langu la kulinganisha siandiki jimbo. Natazama tarehe ya saini, kisha naandika miji: Lubumbashi, Likasi, Kasumbalesa, Kolwezi. Halafu natafuta nyongeza za mkataba, maana mara nyingi eneo hubadilishwa huko. Kwenye faili la mzee nilikuta nyongeza iliyomwondolea Kolwezi, ila ilikuwa na saini yetu tu. Sikuihesabu.

Kuhusu haki ya kuuza peke yake, usiishie kwenye kifungu chenyewe. Soma mbele mpaka ukute neno "isipokuwa". Mkataba wa yule mpya uliacha migodi mikononi mwetu, tuiuzie sisi wenyewe. Kolwezi ukiondoa migodi, kinachobaki ni magereji, malori na maduka ya vipuri. Kwa hiyo naandika "peke yake, bila migodi", wala si "ndiyo" tupu.

Kiwango cha chini cha manunuzi ndicho kinachodanganya zaidi, kwa sababu kila mmoja hupima kwa kipimo chake. Mzee alitakiwa kununua katoni 600 kila robo mwaka, kila katoni chupa 12 za lita moja: hizo ni lita 28,800 kwa mwaka. Mpya alitakiwa kununua mapipa 10 ya lita 208 kila mwezi, yaani lita 24,960. Ukitazama lita tu, mzee anashinda. Lakini mkataba wake ulihesabu oda, hata ambazo hazijalipwa, na haukusema lolote kuhusu asipofikisha. Wa mpya ulihesabu mzigo uliolipwa tu, na akikosa robo mbili mfululizo anapoteza upekee wake. Mimi naiamini zaidi ile 24,960. Ndiyo maana mbele ya kila kiwango naongeza safu mbili: kinahesabiwa kwa nini, na asipokifikia inakuwaje.

Mzee tulizungumza naye wiki tatu. Aliiacha Kolwezi kwa nyongeza iliyosainiwa na pande zote mbili, nasi tukamshushia kiwango hadi katoni 450, zilizolipwa.