Krietini hainyanyui chuma: maswali yenu ya wiki hii

"Kaka shikamoo, nipo Nkuhungu hapa. Natumia krietini mwezi wa tatu sasa, wiki ya kwanza kilo zilipanda mbili fasta halafu basi, kifua kile kile. Nimeuziwa unga feki?"

Marahaba mdogo wangu. Kwa hizo kilo mbili za haraka, unga wako una dalili zote za kuwa mzima. Hayo ni maji, krietini ikiingia kwenye misuli inavuta maji nayo, ndo maana mizani inaruka hata kabla hujafanya chochote cha maana. Sasa ujumbe wako ulikuwa mrefu nimeukata, ila kuna sehemu umesema unapiga benchi presi kilo 60, seti nne za nane, mara mbili kwa wiki, na ndivyo ulivyokuwa unapiga hata kabla hujanunua kopo. Hapo hapo ndo penye shida, wala usiende kugombana na muuza duka.

Twende na hesabu. Nane mara nne ni 32, mara kilo 60 unapata kilo 1,920 kwa siku. Kabla ya kopo 1,920, baada ya kopo 1,920. Sasa krietini ikusaidie wapi? Kazi yake ni kurudisha haraka ile nishati ya sekunde chache za mwanzo, ile ya kunyanyua kitu kizito, kwa hiyo kwenye seti ya tatu na ya nne, pale ambapo mwenzio anaishiwa, wewe unabakiwa na nguvu ya kunyanyua mara moja au mbili zaidi. We ukifika nane unarudisha chuma kwenye stendi unachukua simu. Umeilipia ile moja ya ziada halafu unaiacha pale.

Tuseme ungeziachia seti zako, kila moja uende mpaka ubakize kama moja tu mkononi, na ukapata 10, 9, 8, 8. Hizo ni 35, yaani kilo 2,100. Tofauti ni 180 kwa siku, inaonekana ndogo, lakini mara mbili kwa wiki ni 360 na wiki 12 ni kilo 4,320, zaidi ya tani nne ambazo kifua chako hakijawahi kuziona. Na hapo sijahesabu kwamba mtu anayefikisha kumi kumi anapandisha kwenda kilo 62.5 mapema kuliko wewe. Misuli inakua kwa hiyo kazi ya ziada, taratibu, kwa miezi.

Nunua daftari. Nimeshasema humu mpaka nimechoka, mtu ana hela ya kopo ila hana hela ya daftari. Andika uzito, andika umenyanyua mara ngapi kila seti, na pumziko liwe lile lile, dakika mbili au tatu kwa saa sio kwa kukisia. Ukipumzika sekunde 30 ile nishati inakuwa haijarudi hata vizuri, na ukipumzika leo dakika moja kesho tano hutajua kilichokusaidia ni krietini au ni stori ulizokuwa unapiga. Baada ya wiki nne angalia seti mbili za mwisho. Zimeongezeka? Inafanya kazi. Hazijaongezeka na umekuwa ukijituma kweli? Basi njoo tuongee.

"Wengine wanasema ni maji tu, wengine wanasema inajenga misuli yenyewe. Tushike lipi?"

Hakuna kati ya hayo mawili lililokaa sawa. Watafiti walishapima moja kwa moja kasi ambayo misuli inajijengea protini, na krietini haikuiongeza. Kwa hiyo ile stori ya kwamba unga ukifika kwenye mkono unaanza kufyatua nyama, isahau. Lakini mwaka 1999 Volek na wenzake waliwachukua wanaume 19 waliokuwa tayari wanapiga chuma, wakawafuatilia wiki 12, na nyuzi za misuli za waliotumia krietini zilinenepa zaidi kuliko za waliopewa unga usio na krietini. Maji peke yake hayaelezi hilo. Kilichonivutia mimi ni kwamba katikati ya zile wiki, kundi la krietini lilikuwa linanyanyua jumla kubwa zaidi kwenye benchi presi.

Halafu 2025 ukatoka utafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Australia, watu 54, gramu 5 kwa siku. Wiki ya kwanza kabla hawajaanza mazoezi, kundi la krietini lilishazidi kama nusu kilo ya mwili bila kuhesabu mafuta, watu wakashangilia. Wakapiga programu moja wote wiki 12, mwisho wa siku makundi yote mawili yameongeza kama kilo mbili mbili, sawa sawa. Watu wakaandika mitandaoni krietini imekufa. Mimi nauona hivi: wote wakifanya kazi inayokaribiana, na faida itakaribiana. Krietini ni jembe kali, linakusaidia kuongeza matuta mawili kabla jua halijawa kali, ila usipoyalima hayo mawili mavuno yako na ya jirani ni yale yale. Wapo wanaosema hata yale maji ndani ya misuli yanaweza kuchochea ukuaji kidogo, sawa, siwakatalii, ila hilo lisikufanye uache kuhesabu.

"Krietini inaua figo?"

Mara ya ngapi hii jamani. Kwa mtu mwenye figo nzima, gramu 3 mpaka 5 kwa siku hazijaonyesha madhara hayo kwenye tafiti. Ila ukienda kupima damu kipimo cha kreatinini, ile taka wanayoiangalia kujua hali ya figo, kinaweza kupanda kidogo kwa sababu ya unga tu, mwambie daktari unatumia, usikae kimya halafu utoke pale unalia. Kama una ugonjwa wa figo, presha, sukari, au una mimba, muone daktari kwanza, usiniulize mimi.

"Kabla au baada ya mazoezi?"

Wakati wowote. Kila siku, hata siku ya kupumzika.

"Mimi ni dada nasoma UDOM, jimu siendi, nikinywa itanijaza mwili?"

Hapana dada, labda yale maji kidogo tu. Hela hiyo nunua mayai.

"Muuzaji kasema nianze na gramu 20 kwa siku la sivyo haifanyi kazi."

Anauza makopo huyo, we unategemea aseme nini. Gramu 20 ukizigawa mara nne kwa siku tano mpaka saba zinajaza misuli haraka, ni kweli. Gramu 3 mpaka 5 zinafika pale pale kama baada ya wiki nne. Ukizipiga zote 20 kwa mpigo utashinda chooni.

"Tunatumia kopo moja na mshikaji, yeye anasonga mimi hamna kitu."

Mshikaji wako anakula nini? Krietini ipo kwenye nyama na samaki, kwa hiyo anayeshinda na ugali wa uwele na mlenda wiki nzima anaanza na akiba ndogo na anapata nafasi kubwa ya kujaza, wakati we kama ni wa nyama choma kila jioni unaweza kuwa umeshakaribia kujaa. Sio kosa lako. Labda tu kopo hilo mwachie yeye.

"Nikiacha mwili utaporomoka?"

Akiba inarudi ilivyokuwa ndani ya wiki nne mpaka sita, yale maji yanaondoka, mizani itashuka kidogo na seti za mwisho zitapungua moja moja. Misuli uliyojenga haiondoki na kopo. Itaondoka ukiacha ile kazi ipungue, kwa hiyo ukiona kwenye daftari umeshuka kutoka 35 kwenda 32, ongeza seti ya tano, unyanyue mara tatu tu, jumla irudi ilipokuwa.