Nilichoandika saiti hakionekani kwenye laptopu

Swali: Habari kaka. Nasimamia ujenzi, natembea na kishikwambi cha Samsung chenye kalamu, na kila kitu naandika kwenye OneNote: vipimo, michoro ya harakaharaka, mahudhurio ya mafundi. Saiti hakuna mtandao. Jioni nikifungua laptopu ofisini, mara kurasa hazipo, mara ukurasa mmoja umekuwa miwili na kuna mstari wa njano juu yake. Daftari ni moja, lina kurasa zaidi ya 300, na ramani za PDF zimo humohumo. Nimeambiwa nifute programu niiweke upya. Nifute?

Jibu: Hapana dada, usifute, na usitoke kwenye akaunti yako pia. Makazi ya daftari lako ni OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Kishikwambi, laptopu na simu kila kimoja kinabeba nakala yake. Ukiandika mahali pasipo na mtandao, wino wako unabaki kwenye nakala ya kishikwambi peke yake mpaka mtandao urudi. Ukifuta programu kabla wino huo haujapanda OneDrive, nakala inaondoka na programu, na OneDrive haiwezi kukurudishia kitu ambacho haikuwahi kukipokea. Niliwahi kumfutia mteja hivyohivyo, nikiwa na haraka ya kufunga duka. Kazi yake ya siku mbili ikapotea mbele ya macho yetu wote wawili.

Kwa hiyo leo, kabla ya jambo lolote, fungua kwenye kishikwambi kila ukurasa usiouona ofisini na uupige picha ya skrini. Sasa una akiba. Kisha washa hotspoti ya simu, unganisha kishikwambi, fungua OneNote kwenye sehemu ile uliyoandikia, na uiache wazi skrini ikiwa inawaka.

Wakati unasubiri, tafuta nani anakwamisha. Kwenye laptopu fungua kivinjari, ingia onenote.com kwa akaunti yako, kisha tazama ukurasa huo. Hapo unaona kilichopo OneDrive kwenyewe, siyo nakala ya laptopu. Ukiukuta umekamilika, basi kishikwambi kimeshafanya kazi yake na kilichozubaa ni laptopu: fungua OneNote ya laptopu, bonyeza Shift+F9, na daftari hilo litasawazishwa palepale. Usipoukuta, laptopu haina kosa, wino bado umo kwenye kishikwambi. Jaribio hili la dakika moja linaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Wino ukigoma kupanda hata mtandao ukiwepo, mara nyingi nakuta sababu moja kati ya tatu. Ya kwanza ni OneDrive kujaa. Akaunti ya bure ina GB 5 tu, na kama picha za simu zinapakiwa humohumo, hazichelewi kuzimaliza. Ya pili ni swichi ndani ya mipangilio ya OneNote inayoruhusu kusawazisha kwa Wi-Fi pekee, nawe unatumia bando la laini iliyomo kwenye kishikwambi. Ya tatu ni kishikwambi kuilaza programu ili kutunza chaji. Nenda Settings, kisha Apps, OneNote, Battery, uchague Unrestricted.

Lakini kwa hali uliyoieleza, mimi naanza kulitilia shaka daftari lenyewe. Kila sehemu ya daftari la OneNote, yaani kile kichupo chenye rangi, ni faili moja lenye kiambishi .one. Ukiweka kurasa 300 kwenye kichupo kimoja, umetengeneza faili moja zito, na mtandao wa saiti unapokuja dakika tano na kukatika, faili kama hilo ndilo linalokwama. Mwandiko wako siyo mzigo. Kila mchoro wa kalamu unahifadhiwa kama mfuatano wa nukta, na ukurasa mzima wa mwandiko ni mwepesi kuliko picha moja ya kamera. Mzigo ni zile ramani. Ukiingiza PDF kwa File Printout, kila ukurasa wake unageuzwa picha na kubandikwa ndani ya daftari.

Ningekuwa wewe, ningefungua daftari jipya kwa kila mradi, na ndani yake kichupo kwa kila mwezi. Ramani ziache OneDrive kama mafaili ya PDF ya kawaida, nje ya daftari. Ukitaka kuchora juu ya ramani, piga picha ya skrini ya kipande unachokihitaji, tuseme ngazi au nguzo moja, ukibandike kwenye ukurasa wa siku hiyo na uandike juu yake. Huhitaji karatasi 40 za ramani ili kuonyesha nguzo moja iliyopinda.

Kazi ya kuhamisha kurasa ifanyie kwenye laptopu tu, na usiianze mpaka uwe umehakikisha kishikwambi na simu vimepandisha kila kitu. Ukifuta au kuhamisha kichupo huku kishikwambi bado kina wino wa kichupo hichohicho, wino ule unakosa pa kwenda, na OneNote inautupa kwenye kundi linaloitwa Misplaced Sections. Haujapotea, ila utaanza kuupanga upya kwa mkono.

Sasa ule mstari wa njano. Tuseme Jumanne asubuhi, saiti, umeandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa siku hiyo: nondo za milimita 12, kila sentimita 20. Jioni umefika ofisini, kishikwambi kiko kwenye begi hakijapata mtandao, nawe unafungua ukurasa uleule kwenye laptopu na kurekebisha jedwali la nondo kwa kibodi. Saa moja baadaye kishikwambi kinapata mtandao na kuleta toleo lake. OneNote ikiona mmegusa sehemu tofauti za ukurasa, kwa kawaida inaunganisha kimyakimya. Ikiona mmegusa palepale, haiamui nani mkweli, inaweka matoleo yote mawili.

Bofya huo mstari kwenye laptopu. Ukurasa wa ziada utatokea, na palipogongana pamewekwa alama nyekundu. Nenda Draw, chagua Lasso Select, zungushia mwandiko unaoutaka, unakili, uubandike kwenye ukurasa mkuu. Usome kwanza mpaka uridhike kwamba hakuna kipimo kilichobaki nyuma, ndipo ubofye kitufe cha kulia juu ya jina la ukurasa wa ziada na kuufuta. Wengi wanaufuta ule wa ziada bila kuusoma kwa sababu unaonekana kama takataka, kumbe ndio wenye vipimo vya asubuhi.

Njia rahisi ya kuukwepa mgongano huo ni kutoandika kwa vifaa viwili kwenye ukurasa mmoja siku moja. Mwandiko wa saiti uwe na ukurasa wake, "Jumanne saiti", na kazi ya kibodi iwe kwenye "Jumanne ofisi". Ukifika ofisini, kishikwambi kitangulie kupata Wi-Fi, ndipo uguse laptopu.

Na kama katika kuhamisha utafuta kurasa kimakosa, kwenye laptopu nenda History, kisha Notebook Recycle Bin. Zinakaa humo siku 60.